"Dada, dakika moja tu"

Kila mwisho wa mwezi, mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi ana kazi moja isiyotaka kubahatisha: usuluhisho wa benki. Anaweka taarifa ya benki upande mmoja, daftari la fedha upande wa pili, kisha anatiki muamala mmoja baada ya mwingine. Hundi zilizotolewa lakini bado hazijafika benki anaziorodhesha kando. Makato ya benki ambayo hayamo kwenye daftari anayaingiza. Baada ya hapo salio la pande zote mbili linatakiwa kulingana. Tuseme mwezi huu limekataa, na tofauti ni shilingi 270,000.

Mhasibu mzoefu hakurupuki kuanza upya. Anaigawa tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda kuna mahali tarakimu zimegeuzwa, kwa mfano malipo ya 360,000 yameandikwa 630,000. Halafu anaigawa kwa 2 na kupata 135,000, kwa sababu malipo ya kiasi hicho yakiingizwa kimakosa upande wa mapokezi huzaa tofauti hiyo hiyo. Sasa ana mambo mawili ya kuwinda kwa pamoja. Anapekua hati za malipo za mwezi mzima, huku akikumbuka ni zipi ameshaziondolea shaka na ni ipi iliyomtia wasiwasi kidogo akaiacha airudie baadaye. Kumbukumbu hiyo haijaandikwa popote. Imo kichwani mwake tu, na ndiyo kazi yenyewe.

Saa tatu na nusu asubuhi, akiwa katikati ya bunda, mlango unafunguliwa. "Dada, samahani, dakika moja tu. Ile ankara ya saruji ya mteja wa Mbagala umeshaitoa?" Anafungua faili jingine, anatafuta, anajibu. Zimepita dakika tatu. Anaporudi kwenye hati zake hajui tena ile iliyomtia wasiwasi ilikuwa ipi, kwa hiyo inambidi arudi nyuma hati kumi na tano. Kabla hajafika alipokuwa, simu inalia: kundi la WhatsApp la ofisi linauliza nani ana ufunguo wa stoo. Muda kidogo baadaye bosi anapita mlangoni na kusema, "Njoo mara moja."

Aliyeuliza juu ya ankara hana kosa analoliona, kwa kuwa kwake kweli ilikuwa dakika moja. Hasara yote imebaki kwenye meza ya mwenzake, mahali ambapo yeye hapaoni. Mtafiti Sophie Leroy alichapisha mwaka 2009 majaribio yanayoeleza upande wa pili wa hasara hiyo: mtu akitolewa kwenye kazi kabla hajaifikisha mwisho, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya anaifanya vibaya zaidi. Hivyo hata yule aliyekuja na swali hakupata jibu la mtu aliye naye kikamilifu.

Mwaka 2008, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ambayo nadhani kila mkuu wa idara angepaswa kuyajua. Watu walipewa kazi ya kujibu barua pepe, wengine wakikatizwa, wengine wakiachwa watulie. Waliokatizwa walimaliza haraka zaidi, na ubora wa kazi haukuonekana kushuka. Lakini baada ya dakika 20 tu, walisema wana msongo zaidi, wamekereka zaidi, na wanahisi kubanwa na muda. Walifidia muda waliopotezewa kwa kujisukuma.

Hapo ndipo manung'uniko ya ofisini yanapoanzia. Kazi imetoka, kwa hiyo aliye juu haoni tatizo; gharama ameilipa mfanyakazi, kwa mwili wake. Na barua pepe unaweza kuzijibu mbiombio. Hati za malipo huwezi. Mhasibu wetu akijisukuma, ile 630,000 anaipita bila kuiona, na saa kumi na mbili jioni, wenzake wakiwa wameshapanda daladala, ndipo anapata utulivu wa kuitafuta. Mtu anayefanya kazi yake halisi baada ya saa za kazi, mwezi hadi mwezi, huanza kuuchukia mchana wote.

Saa nne kuna kikao. Watu kumi na wawili, saa moja na nusu: kampuni imetumia saa kumi na nane za watu, zaidi ya siku mbili nzima za mfanyakazi mmoja. Zinaweza kuwa na thamani hiyo. Kama wauzaji wanataka kuwakopesha mafundi na mhasibu anaona fedha haitoshi, lazima wakae, wabishane na waamue. Lakini vikao vingi vya wiki havina la kuamuliwa. Kila idara inasoma taarifa yake, wengine wanasubiri zamu yao, na taarifa hizo zingesomeka kwenye ukurasa mmoja.

Kikao cha namna hiyo kinajulikana kwa mihtasari yake. Chukua mihtasari ya vikao vinne mfululizo, usome sehemu ya yatokanayo peke yake. Jambo lile lile likiwa limeandikwa "linaendelea" mara zote nne, na safu ya mtekelezaji ikisema "wote" badala ya cheo cha mtu mmoja, kikao hicho hakiamui kitu. Mara nyingi kinaendelea kwa sababu mkuu hana njia nyingine ya kujua kinachoendelea chini yake. Katika baadhi ya ofisi na miradi kuna sababu nyingine, nayo ni posho ya kikao. Pale ambapo kukaa mkutanini kunalipwa na kufunga hesabu hakuna nyongeza, usitegemee vikao vipungue kwa kuhimizana.

Marubani walilitatua jambo hili kwa kanuni. Septemba 1974, ndege ya shirika la Eastern ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na uchunguzi ukaonyesha marubani walikuwa wakipiga soga zisizohusu safari. Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilipiga marufuku mazungumzo na shughuli zote zisizo za lazima ndani ya chumba cha rubani ndege inapokuwa kwenye hatua nyeti, zikiwemo kupaa, kutua na safari chini ya futi 10,000. Katiati ya safari, ndege ikishatulia juu, wanaruhusiwa kuongea. Kanuni haikumtaka mtu awe kimya siku nzima. Imetaja ni wakati gani, na wote wanaujua.

Ofisi ya uhasibu nayo ina futi zake 10,000: siku tatu au nne za kufunga mwezi. Katika siku hizo, saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi, idara ifungiwe maswali, na kikao kisogezwe alasiri. Maswali ya wateja hayasubiri, kwa hiyo mmoja wa idara akae zamu kuyapokea, na yasiyo ya haraka ayaandike kwenye daftari litakalopelekwa kwa mhusika kwa mkupuo mmoja. Ofisi yenye mhasibu mmoja itahitaji mtu wa mapokezi afanye kazi hiyo. Mpango huu huvunjwa mara nyingi na bosi mwenyewe, kwa "njoo mara moja" yake, kwa sababu hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo ni yeye anayepaswa kuutangaza na kuwa wa kwanza kuandika swali lake kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu aangalie tarehe ambayo usuluhisho ulisainiwa kila mwezi, na aangalie taa ya uhasibu inazimwa saa ngapi.