Dakika Ishirini za Chumba cha Seva

UPS, kifaa kinachoshika mzigo umeme unapokatika, ina vipimo viwili ambavyo wanunuzi wengi huvichanganya. Namba ya kVA au kilowati iliyoandikwa ubavuni hueleza mzigo ambao kifaa kinaweza kuubeba. Kitaubeba kwa muda gani ni suala la betri. UPS ya kVA 10 inaweza kuzimika baada ya dakika 5 au kudumu saa 5, kutegemea kilichofungwa nyuma yake.

Tuchukue chumba kidogo cha seva Dar es Salaam, katika jengo lenye jenereta. Mzigo wake, uliopimwa kwa mita saa za kazi nyingi, ni wati 4,000. Kupima ni muhimu, kwa sababu bamba la seva huonyesha kiwango cha juu cha umeme, na mara nyingi matumizi halisi huwa chini ya hapo sana. Ikiongezwa robo kwa ajili ya seva zitakazokuja, hesabu inakuwa wati 5,000. UPS ya kVA 10 itaumudu mzigo huo bila kujikaza.

Muda wa kuhimili nao una hesabu yake. Jenereta nzima huwaka na kupokea mzigo ndani ya dakika moja. Betri zinahitajika hasa siku ambayo jenereta haitawaka: fundi akimbilie, ajaribu mara mbili tatu, na akishindwa, seva zizimwe kwa utaratibu ili data isiharibike. Kwa chumba hiki dakika 20 zinatosha. Kung'ang'ania saa nzima hakusaidii sana, maana kwa kawaida kiyoyozi hakiungwi kwenye UPS, na wati 5,000 za joto ndani ya chumba kilichofungwa zitazilazimisha seva kujizima kabla betri hazijaisha.

Sasa betri zenyewe. UPS hii inatumia betri 20 za risasi za volti 12, zilizoungwa kwa mfululizo. Hesabu ya haraka husema: wati 4,000 kwa theluthi ya saa, gawanya kwa volti 240, jibu ni chini ya Ah 6, basi betri za Ah 9 zinatosha na kubaki. Hapo ndipo wengi hupotea. Ah iliyoandikwa kwenye betri ndogo ya risasi hupimwa ikitolewa umeme polepole, kwa kawaida kwa saa 20. Ikikamuliwa kwa nusu saa, betri hiyo hutoa karibu nusu tu ya Ah hizo. Kwa hiyo mafundi husoma jedwali la mtengenezaji linaloonyesha wati ambazo betri hutoa kwa muda maalumu hadi volti ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni 1.75 kwa kila seli.

Mzigo wa wati 5,000 unapopita kwenye inverta yenye ufanisi wa asilimia 93, betri hudaiwa wati 5,400 hivi. Kisha inakuja posho ya uzee. Betri ya risasi huhesabiwa kuwa imekwisha inapobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, kwa sababu baada ya hapo hushuka kwa kasi. Ili itimize dakika 20 hata siku yake ya mwisho, mahitaji huzidishwa kwa 1.25 na kufika wati 6,700. Nyongeza ya asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa inayafikisha karibu 7,400, yaani wati 370 kwa kila betri. Kwa dakika 20, betri ya Ah 18 kwa kawaida haifiki hata wati 300. Ya Ah 26 huvuka 400, kwa hiyo ndiyo inayochaguliwa.

Zikiwa mpya, tena kwa mzigo wa leo, betri hizo zitakaa zaidi ya dakika 40. Mkuu wa ofisi akiona hivyo atataka kuunga mashine nyingine. Ziada hiyo imekwisha kugawiwa uzee na seva zijazo.

Posho ya uzee haitibu joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa takriban nusu, hivyo betri ya miaka 10 iliyowekwa kwenye kibanda cha nyuzi 35 isitarajiwe kuvuka miaka 5. Ah nyingi zaidi hazibadilishi hilo. Kupoza chumba cha betri ndiko kunakobadilisha.

Jaribio fupi la kitufe kwenye UPS hugundua betri iliyokufa kabisa, na dhaifu mara nyingi huipita. Kipimo cha kweli ni kutoa umeme kwa mzigo unaojulikana, kuandika dakika na volti ya kila betri, na kulinganisha na rekodi ya siku ya kufunga. Moja ikishuka haraka kuliko wenzake, huo mfululizo mzima una kasoro, kwa kuwa umeme wote hupita ndani yake. Ikiwa betri zote bado changa, hubadilishwa hiyo moja. Zikiwa zimezeeka, hubadilishwa zote 20, kwa sababu mpya iliyochanganywa na kongwe huchajiwa kwa volti isiyoifaa, na huchakaa mapema.