Nane Mahali pa Mbili

Zege la roshani lilimwagwa Alhamisi. Jumatano iliyofuata mhandisi kijana, mwaka wake wa pili kazini, alifungua hesabu zake ili azitumie kwa ghorofa inayofuata. Jicho likanasa kwenye mstari mmoja: wL²/8.

Kanuni hiyo ni ya sakafu iliyolazwa juu ya kuta mbili. Roshani hushikwa upande mmoja, upande wa pili ukaning'inia, na kanuni yake ni wL²/2: w ni mzigo, L ni urefu unaochomoza nje. Kwa kugawa kwa nane badala ya mbili, alikuwa ameandaa nondo kwa robo tu ya nguvu itakayoipinda roshani.

Akapiga hesabu upya. Roshani ilichomoza mita 1.8, na unene wake ulikuwa milimita 150. Pamoja na watu, marumaru na ziada ya usalama, ilihitaji kuhimili kilonyutoni-mita 19 kwa kila mita ya upana. Nondo zilizokwisha kufukiwa, za milimita 10 kila baada ya milimita 300, zilimudu 12 hivi. Uzito wa zege peke yake ulidai 6.

Hiyo 6 ndiyo iliyomtisha. Mirunda ingetolewa na roshani ingesimama, ikapakwa rangi, ikakaliwa. Siku ya sherehe, watu wakijazana, hata bila ile ziada mzigo ungefika 13. Wala maabara isingemshtua mtu: vipande vya zege vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28 hupima zege, havihesabu nondo.

Alimpigia kwanza msimamizi wa mafundi.

"Shikamoo, fundi. Mirunda ya roshani isiguswe."

"Marahaba, injinia. Mbona kesho tulitaka kuihamishia juu?"

"Nimekosea hesabu. Nakuja."

Kisha akamwandikia mhandisi mkuu ukurasa mmoja: kosa liko mstari gani, roshani zipi zimeguswa, kazi gani imesimamishwa.

Kosa la namna hii huwapata hata wazoefu. Mwaka 1978 William LeMessurier, mhandisi wa jengo la Citicorp la ghorofa 59 mjini New York, alibaini kuwa upepo unaopiga pembeni ungeweza kuvishinda viungo vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Akawaeleza wenye jengo, na mafundi wakachomelea vibao vya chuma usiku. Umma ulikuja kujua mwaka 1995.

Kwa roshani hii ilibidi zege livunjwe, pamoja na kipande cha sakafu ya ndani, maana nondo za juu lazima ziingie ndani ya nyumba angalau kwa urefu ule ule unaochomoza. Nondo za zamani zilibaki, na kati ya kila mbili ikawekwa moja mpya. Nafasi ikawa milimita 150, uwezo ukapita 19. Hesabu za ghorofa ya juu zilipitiwa na mtu wa pili, kuanzia ukurasa wa kwanza, kabla nondo hazijakatwa.