Saa ya Dripu Huanzia Jikoni

Tuseme mtoto wa miaka miwili, mwenye kilo 12, amevuta sufuria ya chai iliyotoka kuchemka. Ni saa 1 asubuhi. Chai imemmwagikia kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia. Mama amemvua nguo upesi, akamwagia maji ya bomba kwenye jeraha kwa dakika 20, kisha akamfunika khanga safi. Hakupaka dawa ya meno wala yai, kwa hiyo hakuna cha kubandua hospitalini. Usafiri umesumbua, wakafika saa 4.

Muuguzi akishaona kwamba mtoto anapumua vizuri, anampima uzito. Halafu anakadiria ni sehemu gani ya mwili iliyoungua. Kwa mtu mzima kuna kanuni ya tisa: kichwa ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, na sehemu za siri 1. Kwa mtoto mdogo hesabu hiyo inapotosha, maana kichwa chake ni kikubwa na miguu yake mifupi ukilinganisha na mwili. Njia rahisi ni kiganja. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vilivyobanwa, ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Ukitumia kiganja cha muuguzi, jeraha kubwa litaonekana dogo.

Kosa jingine, nalo ni la kawaida sana, ni kuhesabu wekundu. Ngozi nyekundu isiyo na lengelenge wala kuchubuka haiingii kwenye hesabu. Kwa mtoto huyu, wekundu na malengelenge kwa pamoja ni viganja 22. Ukiondoa wekundu vinabaki 15.

Kwa nini dripu? Ngozi ikiungua kwa ukubwa huo, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Majimaji ya damu hutoka na kuingia kwenye nyama, mtoto akavimba huku mishipa yake ikikaukiwa. Kwa watoto, asilimia 10 inatosha kuleta hatari hiyo. Kwa watu wazima ni kuanzia 15. Usingoje presha ishuke, kwa sababu kwa mtoto hushuka akiwa ameshazidiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mililita 3 za Ringa lakteti, mara kilo 12, mara asilimia 15, ni mililita 540 kwa saa 24. Nusu yake, yaani 270, inatakiwa iingie katika saa 8 za kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: saa hizo huhesabiwa tangu chai ilipomwagika, si tangu mtoto alipopokelewa. Zinaisha saa 9 alasiri, na saa 3 zimeshapita njiani. Kwa hiyo 270 zigawanywe kwa saa 5 zilizobaki, ambayo ni mililita 54 kwa saa. Kwa mpira wa dripu wa watoto, ambao matone 60 hutimiza mililita moja, hayo ni matone 54 kwa dakika. Nusu ya pili huingia polepole, kama mililita 17 kwa saa, mpaka saa 1 asubuhi ya kesho yake.

Juu ya hayo, mtoto anahitaji maji yake ya kawaida yenye glukosi, kama mililita 44 kwa saa, ukitoa anachokunywa, maana akiba yake ya sukari huisha haraka.

Hata hivyo, hesabu hii ni ya kuanzia tu. Mwamuzi ni mkojo, unaopimwa kila saa kwa mpira uliowekwa kwenye kibofu. Mtoto huyu anatakiwa kutoa kama mililita 12 kwa saa, yaani mililita moja kwa kila kilo. Zikitoka 5, muuguzi anaangalia kwanza kama mpira umejikunja au dripu imeziba. Kama sivyo, kasi ya Ringa inaongezwa. Zikitoka 30, inapunguzwa. Maji yaliyozidi huongeza uvimbe na yanaweza kujaa kwenye mapafu, na mtoto ataanza kuhema.

Maumivu yasisubiri hesabu. Mofini hutolewa kidogo kidogo kwenye mshipa kabla ya kusafisha jeraha; ikichomwa kwenye msuli wakati mzunguko wa damu ni dhaifu, haifiki kwa wakati. Chumba kiwe na joto, kwani mtoto asiye na ngozi hupoa haraka, hasa baada ya yale maji ya bomba. Chanjo ya pepopunda inakaguliwa. Antibayotiki za kuzuia maambukizi ambayo hayajatokea hazihitajiki.

Mkono ulioungua unainuliwa juu ya mto, na bangili na hirizi zinavuliwa kabla haujavimba. Kila saa muuguzi anagusa vidole. Jeraha likiwa limeuzunguka mkono wote, na vidole vikawa baridi au vyeupe, daktari aitwe hapo hapo, kwa sababu ngozi iliyokauka inaubana na huenda ikabidi ipasuliwe ili damu ipite.