Kinachozuia Soksi Isiporomoke

Je, wajua kwamba soksi haishikwi mguuni na mpira peke yake? Chukua soksi ndefu ya shule, ile nyeupe inayofika chini ya goti, uvute ukingo wake taratibu. Mistari yake ya wima itafunguka kama akodioni: safu moja ya vitanzi imetokeza mbele, inayofuata imerudi nyuma. Ikiachwa, safu za nyuma hujificha baina ya zile za mbele, na soksi hujibana. Ndio ufumaji wa mbavu. Mashine aliyobuni William Lee huko Uingereza mwaka 1589 haikuuweza. Mbavu za mashine zilikuja na kifaa cha Jedediah Strutt wa Derby, kilichopata hataza mwaka 1759.

Mbavu pekee hazitoshi, kwani umbo la mguu nalo lina usemi. Soksi ya gotini hukaa juu ya uvimbe wa shavu la mguu, mahali mguu unapoanza kusinyaa, kwa hiyo haiwezi kushuka bila kutanuka kwanza. Inayoishia katikati ya shavu iko mteremkoni, na ndiyo sumbufu kuliko zote. Fupi kabisa, isiyoonekana ndani ya raba au moka, haina mguu wa kushika, hutegemea kisigino. Kisigino kikifumwa kwa kina kifupi, kila hatua kiatu huivuta chini mpaka ikusanyike unyayoni. Ndiyo sababu watengenezaji hubandika utepe wa silikoni kwa ndani, nyuma ya kisigino.

Mtindo nao hufuata urefu. Hiyo fupi humfanya mtu aonekane kavaa kiatu bila soksi. Ya gotini ina sura ya urasmi: maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki waliivaa na kaptula za kaki, na huko Bermuda wanaume bado huenda kazini na kaptula, koti, tai na soksi za gotini, wala hawachekwi.

Kwa soksi yenye maua, igeuze ndani nje. Ukikuta nyuzi ndefu zinaning'inia, rangi zimepitishwa nyuma ya kitambaa, na kidole cha mguu kitazinasa. Almasi za Argyle, zenye asili katika tartani ya akina Campbell wa Uskoti, zikifumwa kwa njia ya asili kila moja hupewa uzi wake, hivyo upande wa ndani hubaki safi.

Pamba hunyonya jasho lakini ikilowa hulegea na hukawia kukauka. Nailoni huongezwa ili kisigino kisitoboke upesi, na elastani kidogo ili mbavu zirudi. Elastani haipendi joto kali. Ukingo ukianza kujikunja mawimbi na vinyuzi vyembamba kuchomoza, elastani imeshakatika. Hata kufua kwa maji baridi hakutairudisha.