Tumbuizo la herufi: Je, ni 'pembe' au 'bibi'?

Wanafunzi wangu wengi huja chuo kikuu wakiamini kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa wamishenari walipowasili. Sasa hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana ushahidi unasema vingine. Zipo barua za Kilwa za mwaka wa 1711, zilizohifadhiwa Goa kule India, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya Krapf kutia mguu Mombasa.

Hati hizo zilifikaje pwani? Zililetwa na upepo. Kaskazi ilisukuma majahazi kutoka Arabuni tangu mwezi wa Desemba hivi hadi Machi, na baharia hakuweza kurudi kwao mpaka kusi ivume. Katika miezi hiyo ya kungoja, mfanyabiashara alipanga nyumba, akaoa, akapata watoto waliohitaji mtu wa kuwasomesha. Hapo ndipo mwanachuoni alipopata kazi, na chuo kikafunguliwa karibu na msikiti. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka wa 1331 aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Shafi, yale yale yaliyotawala Yemeni na Hadhramauti. Ulinganifu huo unaonyesha njia ambayo elimu ilipitia.

Mtoto aliyejifunza alifu na be ili asome Kurani alikuwa tayari ana kalamu ya kuandikia lugha yake mwenyewe. Lakini msomaji wangu, hapo ndipo taabu ilipoanza. Kiarabu kina irabu fupi tatu zinazoonyeshwa kwa alama: fatha kwa /a/, kasra kwa /i/ na dhamma kwa /u/. Kiswahili kina irabu tano. Basi kasra ikabeba /i/ na /e/, nayo dhamma ikabeba /u/ na /o/. Konsonanti nazo zilibanana vivyo hivyo. Kiarabu hakina /p/, kwa hiyo be ikaandika /b/ na /p/. Hakina /v/, ikatumiwa fe. Ghaini ikachukua /gh/, /g/ na hata /ng/. Zaidi ya hayo, waandishi wengi hawakuandika ile sauti ya puani inayotangulia konsonanti, hivi kwamba /mb/ ikawa be tupu.

Tuchukue neno moja la biashara: pembe, yaani pembe za ndovu. Mwandishi anaweka be kwa /p/ na kuitia kasra kwa /e/. Kwa kuwa silabi hiyo ndiyo yenye mkazo, anaivuta kwa ye, kama ilivyokuwa desturi. Kisha anaweka be nyingine kwa /mb/ na kuitia kasra. Sasa lisome neno hilo kama mtu asiyejua habari yenyewe: unapata 'bibi'! Aliyeandika kwamba ameleta pembe anaweza kusomwa kwamba ameleta bibi. Wallahi si mzaha.

Msomaji wa zamani hakupotea, kwa kuwa alijua mwandishi ni nani na wanauziana nini. Katika utenzi, mizani na vina vilimsaidia, na mara nyingi alikuwa ameshausikia ukighaniwa. Anayepotea ni sisi tunaofungua karatasi hiyo baada ya miaka mia mbili.

Wenyewe waliiona kasoro hiyo na wakaishughulikia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1890, alimnakilia Taylor mashairi ya Muyaka kwa hati zilizoongezewa alama za kutenga sauti za Kimvita. Katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha magazeti yake ya Kiswahili papo hapo Mombasa, naye pia alijishughulisha na kuzirekebisha hati hizo. Njia mojawapo ya marekebisho ya namna hii ni kuitia be nukta tatu chini, kama wafanyavyo Waajemi, ili isomwe /p/.

Na tusizicheke hati hizo. Hizi za Kirumi tunazotumia leo huandika 'paa' la nyumba na 'paa' wa mwituni sawasawa, ilhali Mmvita humtamka mnyama kwa mpumuo na paa la nyumba bila mpumuo.

Kwa hiyo, ukirithi sanduku lenye karatasi za hati hizi, usidhani moja kwa moja kwamba ni Kiarabu. Mtafute anayezisoma na anayejua lahaja ya mji zilikotoka. Naye anapozinakili, neno lenye utata aliandike kwa kila namna linavyoweza kusomeka, asichague moja kimyakimya. Akiandika 'bibi' peke yake, pembe zimeshapotea.