Upele Hautibiwi kwa Mtu Mmoja

Mtoto anajikuna usiku kucha, na katikati ya vidole vyake kuna vistari vyembamba vilivyopindapinda. Ni vijia vya utitiri jike, anayechimba ngozini na kutaga mayai. Wengi humpaka dawa mtoto huyo peke yake, na hapo ndipo upele hurudi. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wengine. Basi wote nyumbani wapakwe krimu ya pemethrini usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni, na kwenye kucha. Waoge asubuhi, warudie baada ya siku 7. Mchanga aonwe zahanati kwanza. Mashuka yafuliwe kwa maji moto. Muwasho huendelea wiki kadhaa hata utitiri wakifa. Tafadhali msiongeze dawa, itachubua ngozi. Vikitokea vistari vipya, rudini zahanati.