Kampilobakta kwenye kuku

Kampilobakta ni jenasi ya bakteria wenye umbo la kujipinda ambao huishi katika utumbo wa ndege na wanyama, hasa kuku. Jina linatokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "iliyopinda" na "fimbo". Spishi mbili, Kampilobakta jejuni na Kampilobakta koli, ndizo zinazoleta karibu maambukizi yote kwa binadamu, na ile ya kwanza huongoza kwa mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linawahesabu bakteria hawa kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara duniani, na kati ya bakteria wote wanaoleta uvimbe wa tumbo na utumbo, hao ndio wanaopatikana mara nyingi zaidi.

## Ugunduzi

Daktari Mjerumani Theodor Escherich aliona bakteria waliojipinda katika utumbo wa watoto waliokufa kwa kuhara mwaka 1886, lakini hakuweza kuwaotesha. Kwa miongo mingi baadaye walijulikana zaidi na madaktari wa mifugo, kwa kuwa huharibu mimba za kondoo na ng'ombe.

Shida ilikuwa namna ya kuwaotesha maabara. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kidogo tu, takriban asilimia 5, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 21. Wanapenda joto la nyuzi 42 za selsiasi, na bakteria wengine wa kinyesi huwafunika haraka. Mwaka 1977 daktari Martin Skirrow wa Worcester, Uingereza, alitumia chakula cha maabara chenye antibiotiki za kuzuia bakteria wengine, akawapata kwa wagonjwa 57 kati ya 803 waliokuwa wakihara. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa nadra ukaonekana kuwa wa kila siku.

Hadi leo maabara isiyo na vifaa vya kupunguza oksijeni haiwezi kuwaotesha. Jibu la kwamba "hakuna bakteria aliyeota" kutoka maabara ya namna hiyo halina maana kwamba mgonjwa hana kampilobakta.

## Kwa nini kuku

Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42, yaani lile lile ambalo bakteria huyu hulipenda. Katika vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo wa kuku, gramu moja ya uchafu inaweza kuwa na bakteria milioni moja hadi bilioni moja. Kuku mwenyewe kwa kawaida hana dalili yoyote: anakula, ananenepa, na mfugaji haoni sababu ya kumtenga.

Vifaranga huwa hawana bakteria hawa katika majuma mawili ya kwanza. Baadaye huingia bandani kwa njia ya viatu vya wahudumu, nzi, panya, maji au ndege wa porini. Kuku mmoja akishaambukizwa, banda zima hufuata ndani ya siku chache, kwa sababu kuku hunywa maji pamoja na kudonoa mavi ya wenzao.

Nyama yenyewe ndani ya paja au kidari huwa na bakteria wachache sana. Uchafu hutokea wakati wa kuchinja. Maji ya moto ya kulowekea kuku hupokea kinyesi cha kila kuku aliyetangulia, mashine ya kunyonyoa huminya utumbo, na matumbo yakipasuka wakati wa kutolewa hulowesha ngozi yote. Vishimo vya manyoya huwahifadhi bakteria pale, penye unyevu na mbali na hewa. Katika uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2014 hadi 2015, asilimia 73 ya kuku wabichi wa madukani walikuwa na kampilobakta, na asilimia 19 walikuwa na zaidi ya bakteria 1,000 kwa kila gramu ya ngozi.

Ushahidi kwamba kuku ndio chanzo kikubwa ulijitokeza Ubelgiji bila kupangwa. Mwaka 1999 ilibainika kwamba chakula cha mifugo kilikuwa kimechanganyika na sumu ya dioksini, na mwezi wa Juni nyama ya kuku ikaondolewa madukani. Katika majuma hayo wagonjwa wa kampilobakta walipungua kwa takriban asilimia 40. Kuku waliporudi sokoni, wagonjwa nao waliongezeka tena.

## Bakteria dhaifu anayeongoza

Kwa kiasi fulani cheo hiki kinashangaza, kwa sababu kampilobakta ni bakteria dhaifu. Hufa kwa kukaushwa, huumizwa na hewa ya kawaida, na moto wa kupikia humwua upesi: nyama ikifika nyuzi 70 mpaka katikati, amekwisha. Tena hazaliani katika joto lililo chini ya nyuzi 30, kwa hiyo tofauti na salmonela, haongezeki katika chakula kilichosahauliwa mezani usiku wa baridi.

Nguvu yake iko katika uchache unaotosha. Mwaka 1981 daktari mmoja Mwingereza, D. A. Robinson, alimeza kwa hiari yake bakteria 500 ndani ya maziwa, akaugua. Tukilinganisha na hesabu ya ngozi iliyotajwa hapo juu, nusu gramu ya ngozi ya kuku mwenye bakteria 1,000 kwa gramu ina kiasi hicho. Hicho ni kipande kidogo kuliko ukucha, au tone la majimaji yaliyobaki kwenye ubao. Bakteria hahitaji kuzaliana jikoni. Anahitaji kuhamishwa tu.

Hii ndiyo sababu ushauri wa kawaida wa "kupika vizuri" hautoshi. Kuku ataingia chunguni na kuwa salama, lakini kachumbari haipikwi.

## Kisa cha Oklahoma, 1996

Kisa kinachoonyesha njia hiyo waziwazi kilitokea kusini-magharibi mwa jimbo la Oklahoma, Marekani. Watu 14 waliokula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja tarehe 15 Agosti 1996 waliugua, na wawili kati yao walilazwa hospitalini. Idara ya afya ya jimbo ilipata taarifa tarehe 29, yaani majuma mawili baadaye.

Wachunguzi waliwauliza wagonjwa na wasiougua walichokula. Uhusiano na ugonjwa ulionekana kwenye saladi ya majani na kwenye lazanya. Kuku alikuwa ametayarishwa kwa ajili ya chakula cha jioni, na hakuwa sehemu ya mlo ule wa mchana.

Jikoni, meza ya kazi ilikuwa ndogo mno kutenganisha kuku mbichi na vyakula vingine. Mpishi alieleza kwamba alikatakata kuku kwanza, kisha akatayarisha saladi, lazanya na sandwichi. Kiunoni alifunga taulo ambalo alikuwa akifutia mikono mara kwa mara. Dawa ya klorini ya kusafishia meza ilikuwapo, ila haikuweza kuthibitishwa kama meza ilisafishwa baada ya kuku. Wachunguzi hawakuweza kusema kama bakteria walipita mkononi, kisuni au mezani, na pengine walipita kote.

Kati ya yote hayo, taulo ndilo linalostahili kutazamwa zaidi. Mtu anayefuta mikono huamini kwamba ameisafisha, kumbe kitambaa chenye unyevu huwahifadhi bakteria na kuwarudisha kila mara kinapoguswa. Kosa hilo hilo hufanyika nyumbani kwa kipande kimoja cha nguo kinachofuta ubao, meza, sahani na mikono ya watoto.

## Kuosha kuku

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuku huoshwa kabla ya kupikwa, mara nyingi kwa ndimu au siki, na anayeacha kufanya hivyo huonekana mchafu. Kuku aliyechinjwa nyumbani kweli huwa na damu, manyoya na mabaki ya matumbo yanayopaswa kuondolewa. Lakini maji hayawatoi bakteria walio katika vishimo vya manyoya, na ndimu haiwaui wote. Maji ya bomba yakipiga ngozi hurusha matone kwenye sinki, vyombo na nguo. Mwaka 2014 shirika la viwango vya chakula la Uingereza liliwahimiza watu waache kuosha kuku mbichi.

Hata hivyo, kuosha si kosa pekee. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, watu walipika kuku aliyepakwa bakteria wasio na madhara, ili ufuatiliwe mwendo wao. Miongoni mwa walioosha kuku, asilimia 26 walifikisha bakteria hao kwenye saladi. Miongoni mwa wasioosha, asilimia 31 walifanya hivyo pia. Mikono isiyooshwa kwa sabuni ilitosha.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito kuliko maji. Kachumbari na matunda yakikatwa kwanza, yakafunikwa na kuwekwa mbali, kuku akashughulikiwa mwisho, njia kubwa ya maambukizi imefungwa hata pale penye ubao mmoja na kisu kimoja. Anayelazimika kuosha atumie beseni lenye maji kidogo badala ya bomba, ayamwage polepole, kisha beseni, ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni, na vyombo vikaushwe kabisa. Katika jokofu kuku mbichi hukaa rafu ya chini, asije akadondosha majimaji juu ya chakula kingine. Kugandisha hupunguza bakteria lakini hakuwamalizi.

## Ugonjwa

Dalili huanza siku 2 hadi 5 baada ya kula: homa, maumivu makali ya tumbo, na kuhara ambako mara nyingi huwa na damu. Maumivu yanaweza kufanana na ya kidole tumbo. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, mgonjwa hulaumu chakula cha jana, kumbe cha kulaumiwa kililiwa siku tatu kabla. Wengi hupona ndani ya juma moja. Takriban mtu mmoja kati ya 1,000 hupata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu kwa kuwa sukari zilizo juu ya bakteria hufanana na zile za mishipa hiyo, na miguu hulegea kwanza.

Katika nchi ambako kuku hutembea uani na ndani ya nyumba, sura ya ugonjwa ni tofauti. Utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto wachanga katika nchi nane, Haydom nchini Tanzania ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 8 kati ya 10 walikuwa wamepata kampilobakta kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengi hawakuwa wakihara walipopimwa, lakini waliobeba bakteria mara nyingi walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka miwili.

Tiba ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na kwa watoto huongezwa madini ya zinki. Antibiotiki, hasa azithromisini, hutolewa kwa wenye hali mbaya. Siprofloksasini imepoteza nguvu mahali pengi, na sehemu ya lawama iko bandani: dawa za kundi hilo hilo zilitumiwa kutibu kuku, na bakteria wasiosikia dawa wakafuata njia ile ile hadi jikoni. Marekani iliondoa idhini ya dawa ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo.